Mgeni wa Kwamkoro Hajafika

Jirani yangu wa Lushoto alikuwa na swali moja ambalo aliniuliza kila likizo ilipofika, akiwa amesimama kwenye ua wa matete uliotenganisha bustani yake na nyumba ya walimu: "Mwalimu, hujapata mgeni?" Aliuliza kwa upole, jinsi watu wanavyouliza habari za mahindi. Kwake mtu asiyepata mgeni alikuwa na jambo. Nilimjibu kwamba bado, akasema pole, akarudi kwenye kabichi zake, nami nikarudi ndani nikiwa nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilipomaliza chuo cha ualimu, barua ya kupangiwa kazi ilinitupa Lushoto, maana siku zile za Ujamaa mwalimu alikuwa wa nchi nzima, na kijana aliyenung'unika kwamba kwao ni mbali aliambiwa kwamba kwao ni Tanzania. Sikunung'unika. Nilipanda basi, nikashuka Mombo kwenye joto, nikapanda basi jingine lililokata kona za mlima hadi masikio yakaziba, nikashuka kwenye baridi ambayo sikuwahi kuiota. Kwetu unaona mtu anayekuja tangu akiwa doa upande wa pili wa mbuga. Lushoto, kwa ajili ya ukungu, mtu alinitokea ghafla mbele ya pua, akanisalimu, akapotea.

Watu walinitendea vizuri, nisije nikawasingizia. Waliniletea viazi, maharage, na matunda damu, yale mekundu yenye uchachu. Kanisani walinipisha kwenye benchi. Lakini ibada ikishakwisha na salamu za Kiswahili zikishaisha, wote walirudi kwenye Kishambaa chao, kwa ukoo na shemeji na mashamba ya urithi, nami nilibaki nikitabasamu kama mtu aliyesahaulika kwenye picha. Niliondoka taratibu ili mtu apate nafasi ya kuniita. Mara nyingi nilifika kwangu bila kuitwa.

Nyumba yangu ilikuwa na chumba, sebule, na vitanda viwili. Kitanda cha pili kiliachwa na mwalimu aliyenitangulia. Nilikuwa nakianikia nguo siku za mvua.

Mwaka wa pili, katika likizo ya Juni, usharika wetu ulipewa kuandaa mkutano wa kwaya. Kwaya za milima yote zingekuja, za Usambara yetu hii na za ile ya mashariki, ng'ambo ya bonde, kule kwenye misitu na chai. Wangefika Ijumaa, wangeimba Jumamosi, wangeagana Jumapili baada ya ibada, na wote wangelala kwenye nyumba za wenyeji. Mchungaji alipotangaza kwamba wanatakiwa watu wa kujitolea kukaa kwenye meza ya mapokezi, na pia wenye nafasi ya kulaza wageni, niliandikisha jina langu sehemu zote mbili. Kwenye nafasi ya wageni niliandika: mmoja, mwanamke.

Wiki iliyofuata niliambiwa nimepangiwa mama mmoja wa kwaya ya Kwamkoro. Barua zilikuwa zimekwenda kila usharika, kila mwimbaji akitajiwa mwenyeji wake, ili mtu asianze safari bila kujua atalala wapi. Kwa hiyo huko kwenye chai, mahali nisipopajua, kulikuwa na mtu aliyeambiwa jina langu. Nilikwenda dukani nikanunua shuka. Nilitoa nguo kwenye kitanda cha pili, nikapigilia misumari mguu uliokuwa umelegea, nikajaza godoro majani mapya. Jirani aliponiuliza swali lake, nilimwambia kwamba safari hii ninaye, anakuja Ijumaa. Alifurahi kunizidi. Aliahidi kunipikia bada, ugali wao wa muhogo, nimkaribishe mgeni kwa chakula cha Kishambaa.

Siku moja kabla ya wageni kufika, sisi wa meza tuliitwa ukumbini kupewa maelekezo. Aliyetufundisha alikuwa mzee aliyestaafu ukarani wa reli kwenye stesheni ya Mombo. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la kazi ambalo vifungo vyake bado viling'aa, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na treni. Tulikuwa wachache: mimi, muuguzi mmoja mwenyeji ambaye hakuwahi kunyamaza, na vijana wa kwaya yetu waliokuja kwa kuwa waliambiwa kutakuwa na chai.

"Mnadhani kazi yenu ni kuandika," alianza. "Kuandika ni kazi ndogo. Kazi yenu ni kwamba mtu aliyetoka Mlola kwa miguu asisimame hapa akajiona mjinga. Haya, meza iko wapi?"

Tulikuwa tumeiweka mlangoni, penye mwanga. Alitutazama kama abiria waliopanda behewa la mizigo.

"Mkiiweka mlangoni, foleni itasimama kwenye mvua, na waliokwisha andikwa watashindwa kutoka. Iingizeni ndani kabisa, ukuta wa mwisho. Waingie mlango huu, watokee ule. Foleni ifuate ukuta."

Tuliihamisha. Kisha akataka meza ya pili, ndogo, akaiweka pembeni na benchi refu kando yake.

"Meza kubwa ni ya walioandikwa. Hii ndogo ni ya wasioandikwa. Watakuja, msijidanganye. Mtu anasikia kwaya zinakuja, anavaa, anakuja. Mmoja wenu asimame mwanzo wa foleni aulize kila mtu: umetoka usharika gani, jina lako lilipelekwa? Kama halikupelekwa, anamleta hapa benchini mapema, kabla hajasimama saa nzima na kuambiwa hayumo. Huyo hafukuzwi. Anapewa chai, anaandikwa kwenye karatasi yake mwenyewe. Usimchomeke chini ya orodha kubwa, utavuruga hesabu ya jikoni."

Muuguzi aliuliza kwa nini orodha zimepangwa kwa sharika badala ya majina.

"Kwa sababu hakuna atakayekosa kujua alikotoka," mzee alisema. "Jina, dada yangu, mtu anaandikwa la ubatizo, nyumbani anaitwa mama fulani, na mwalimu wa kwaya kalikosea. Usharika ni mmoja. Anza na usharika, halafu jina. Ukimwona kwa macho yako, weka alama ya vema, mpe utepe wa kwaya yake, kadi ya chakula, na kadi ya mwenyeji. Nimesema kwa macho yako. Kiongozi wa kwaya atakuja mbele akuambie, tumefika wote, tupe kadi zetu. Usimpe. Wengine wako msalani, wengine wameshukia njiani kwa shangazi. Kadi zikitoka bila watu, Jumamosi chakula kitakwisha na watu wapo."

Vijana walicheka. Yeye hakucheka.

"Sasa wanaochelewa," akasema, akasogeza kiti akakaa. "Hapa ndipo nitawajua ninyi ni watu wa namna gani. Anayechelewa haulizwi kwa nini. Ameshaulizwa na kila mtu njiani. Anapewa chai, anaandikwa, anaonyeshwa kwake. Asiyefika, jina lake halikatwi. Nafasi ya alama inaachwa wazi, hadi meza ifungwe. Kitanda chake hakigawiwi kwa mtu wa benchini mpaka basi la mwisho la Ijumaa liwe limefika kutoka Mombo. Likishafika na yeye hayumo, basi, kitanda kinaweza kutumika, mkishauriana na mimi. Na meza haifungwi kwa sababu ninyi mmechoka. Jumamosi na Jumapili mmoja atabaki hapa, na orodha, na birika. Nani?"

Kubaki mezani maana yake ni kukosa kuimba na kusikiliza. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Mimi sikuwa na kwaya. Nilinyoosha mkono.

"Wewe, mwalimu," mzee alisema, akaniandika. Nilijisikia vizuri kuchaguliwa, hata kama nilikuwa nimejichagua mwenyewe.

Ijumaa ilikuwa kama alivyosema. Walikuja kwa malori ya ushirika, kwa basi, kwa miguu, sare wamezifunga kwenye mikeka ili zisilowe. Manyunyu yalianza mapema, lakini foleni ilifuata ukuta wa ndani na hakuna aliyelowa zaidi ya alivyolowa njiani. Viongozi wa kwaya walikuja mbele wakatuambia wamefika wote. Tuliwarudisha nyuma. Mmoja alikasirika akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Nilimjibu kwamba baba yangu hamjui, na kwamba nataka kuwaona waimbaji wake mmoja mmoja. Walipopita, kweli, watatu hawakuwepo.

Kila foleni ilipopungua nilifungua karatasi ya Kwamkoro. Ilikuwa haina alama hata moja. Sikuwa na wasiwasi. Njia yao ilikuwa ndefu kuliko za wote: kushuka kutoka kwenye chai hadi Muheza, kufuata barabara kuu hadi Mombo, kisha kupanda. Wangefika na basi la mwisho. Nyumbani nilikuwa nimeacha maji kwenye birika kubwa na shuka imetandikwa, na jirani alikuwa na ufunguo.

Benchi la wasioandikwa lilijaa. Miongoni mwao alikuwepo bibi mmoja wa Mlola, mdogo wa umbo, miguu imejaa tope hadi magotini, kitenge chake amekifunga kifuani juu ya sweta. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, nikampa chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Jina langu halikupelekwa," alisema, kana kwamba ameshtakiwa. "Mimi siimbi. Nimekuja kusikiliza."

"Hakuna tabu, bibi. Tunangoja basi la Mombo, halafu tutajua vitanda vilivyobaki."

"Na basi likija limejaa?"

"Kwangu kuna kitanda," nilisema, "lakini ni cha mtu. Asipofika ni chako."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema asingependa kulalia bahati mbaya ya mwenzake. Lakini alivyokaa, uchovu wake niliuona, nami nikaanza kupiga mahesabu ambayo siyaonei fahari wala aibu: aje mama wa Kwamkoro, nitapata mgeni, asipokuja, nitapata bibi. Kwa vyovyote jirani angenikuta na mtu.

Basi la mwisho lilifika giza likianza kushuka. Mzee alisimama mlangoni na saa yake ya mfukoni, mazoea ya stesheni. Walishuka wafanyabiashara, walishuka waliochelewa wa Mombo, ikashuka mizigo. Wa Kwamkoro hakushuka hata mmoja. Kondakta alisema alisikia kwamba huko upande wa Muheza mvua imeharibu barabara.

Mzee alirudi mezani, akatazama karatasi yao tupu. "Basi," alisema. "Mwalimu, mpe bibi kitanda. Lakini majina usiyakate."

Nilichukua kadi ya mwenyeji, nikaandika jina langu kwa herufi nzuri kama ninazoandika ubaoni. Nilipoinua macho nimpe bibi, benchi lilikuwa karibu tupu.

Jambo ambalo mzee hakulitaja kwenye maelekezo yake, labda kwa sababu kwake lilikuwa wazi mno, ni kwamba milima ile ni nyumba moja. Wakati sisi tunangoja basi, wenyeji waliokuja kuwachukua wageni wao walikuwa wanapita mbele ya benchi, na hakuna Mshambaa anayempita Mshambaa aliyekaa na mzigo bila kumuuliza. Wewe ni wa ukoo gani? Mama yako alitoka wapi? Baada ya maneno machache walishikana mikono, mzigo ukainuliwa, mtu akaondoka. Walichukuana mmoja mmoja nyuma ya mgongo wangu, bila kadi, bila kuniambia. Bibi wa Mlola nilimkuta ameshasimama, na muuguzi wetu amembebea kikapu chake, wote wawili wakicheka kwa Kishambaa.

"Mwalimu, umeona maajabu?" muuguzi alisema. "Huyu ni mtoto wa dada yake mkwe wangu! Angelalaje kwa wageni?"

Hakuwa na nia mbaya. Aliyasema maneno hayo kwa furaha, na bibi alinishukuru sana kwa chai. "Hongea, mwanangu," alisema, shukrani ya kwao, akanishika mkono kwa mikono yote miwili iliyopata joto la kikombe changu. Niliwatazama wakitoka kwa mlango wa kutokea. Kadi nilikuwa nimeishika bado.

Mzee alipogundua kwamba watu wa benchi wameondoka bila kuandikwa wanakolala, alifoka. Nani atajua chakula chao kiko nyumba gani? Mgonjwa akitokea usiku tutamtafuta wapi? Vijana walitumwa kufuata nyumba kwa nyumba, wakarudi na majina nusu. Mimi nilikaa nikiyapanga kwenye karatasi, na kila jina lilikuwa na mwenyeji, na kila mwenyeji alikuwa mjomba au shangazi au mtu aliyebatizwa pamoja na mtu. Katika orodha zote za mkutano ule, kubwa na ndogo, kitanda kilichobaki kilikuwa kimoja. Nilijua kilipo bila kuuliza.

Nyumbani nilikuta bada imefunikwa kwa sahani, bado ya moto. Jirani alikuwa ameketi sebuleni kwangu na khanga yake nzuri, amekuja kumpokea mgeni. Alitazama nyuma yangu.

"Barabara imekatika," nilisema.

"Pole, mwalimu," alisema, na safari hii sikumkasirikia. Tulikula bada wawili. Kisha akaenda kwake, maana naye alikuwa na wageni, na kupitia uani nilisikia nyumba yake imejaa.

Jumamosi nilikaa mezani. Ukumbi na kanisa vilitenganishwa na uwanja mdogo wa nyasi, na madirisha ya kanisa yalikuwa wazi. Kulikuwa na wimbo mmoja wa pamoja ambao kwaya zote zilipaswa kuuimba kwa zamu, na mwisho kwa umoja. Waliuimba kutwa. Asubuhi niliusikiliza. Mchana ulinichosha. Kufikia alasiri nilikuwa nauimba mwenyewe sauti ya kwanza huku nikipanga kadi ambazo hakuna aliyekuja kuzichukua, na birika linapoa. Walikuja wachelewaji wachache wa karibu. Sikuwauliza kwa nini. Mtu mmoja aliuliza msala uko wapi. Wakati fulani mvua ilinyesha kwa nguvu, kuimba kukasikika kwa mbali, na nikalia kidogo, si kwa sababu ya mama wa Kwamkoro ambaye sikumjua, bali kwa sababu nilifikiri kwamba nikifa Lushoto watanizika vizuri sana na kuimba vizuri sana, na hakuna atakayejua naitwa nani kwetu. Halafu nikajikaza. Nilikuwa na orodha mbele yangu, na machozi yanaharibu wino.

Jioni mzee alipita, akaangalia karatasi.

"Kwamkoro?"

"Patupu."

"Paache patupu," alisema, akaenda zake.

Jumapili ibada ilikwisha, watu wakamwagika uwanjani kuagana. Walipeana anwani, walifungiana mikeka, walipanda malori. Muuguzi alipita na bibi wa Mlola, na bibi akaniachia mapera mawili. Tepe za kwaya zilikuwa zimechafuka vifuani. Lori la kwanza lilipoanza kushuka likiimba, nilianza kukunja karatasi.

"Nani amekuambia ufunge?" mzee aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye benchi la wasioandikwa, amevua kofia.

"Mzee, watu wanaondoka."

"Wanaondoka wao. Basi la mchana bado."

Nilikasirika, nakiri. Nilitaka kwenda kwangu nikatoe shuka kitandani nisiione tena. Lakini kwa mzee mwenye vifungo vile hakuna kubishana. Nilikunjua karatasi zangu, nikakaa.

Basi la mchana lilipofika, ndipo nilipomwona. Watu wote walikuwa wanatoka uwanjani kuelekea barabarani, na mtu mmoja alikuwa anaingia, anapishana nao ubavu kwa ubavu, akiomba radhi. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, amebeba sanduku la bati kichwani, na sare ya kwaya ameivaa chini ya koti la mvua la wachuma chai. Wengine walimwambia kitu, naona walimwambia kumekwisha, naye aliitikia kwa kichwa na kuendelea kuja. Aliingia kwa mlango wa kuingilia. Alifuata ukuta, ingawa hapakuwa na foleni. Alifika mezani akatua sanduku.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Natoka Kwamkoro."

Ulimi wake ulinishtua. Haukuwa wa Kishambaa. Baadaye aliniambia kwamba ni Mbena wa Njombe, kwamba mumewe alikuja kwenye chai zamani, akafia huko, naye akabaki.

Nilikuwa nimekatazwa kuuliza, sikuuliza. Nilimimina chai. Alikunywa kidogo, akasema mwenyewe. Lori lao lilikwama kwenye tope Ijumaa, wakalisukuma hadi wakachoka, na wenzake wakaamua kurudi. Yeye alishuka kwa miguu hadi Muheza. Jumamosi alipata gari hadi Mombo, akakuta basi la kupanda limekwisha ondoka.

"Ukalala wapi?" Hapo aliyevunja sheria alikuwa mzee.

"Stesheni. Kwenye benchi."

"Lile la ukuta wa ofisi ya tiketi?"

"Lile lile."

"Lina msumari upande wa kushoto," mzee alisema.

"Nimeuona," mama alijibu, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Nilifungua karatasi ya Kwamkoro, nikatafuta jina lake, nikashika kalamu, halafu nikasita. "Mama, nasikitika," nilisema. "Kuimba kumekwisha. Wenzio ndio wanaondoka."

"Nilijua kutakwisha," alisema. "Nilipofika Muheza nilijua. Wenzangu waliniambia, unakwenda kuimba na nani? Lakini barua ilisema nina mwenyeji. Nikafikiri, huko kuna mtu ametandika kitanda. Hakuna aliyenitandikia kitanda tangu marehemu afe. Nisingeweza kurudi."

Nilimwekea alama ya vema, kubwa kuliko ilivyotakiwa. Nilimpa utepe wa kwaya yake. Nilimpa kadi ya chakula, ambacho jikoni kilikuwa kimebaki ukoko. Kisha kadi ya mwenyeji. Aliisoma polepole, herufi kwa herufi, akaniuliza huyu anakaa mbali?

"Ni mimi," nilisema.

Mzee alisimama, akavaa kofia, akachukua orodha mkononi mwangu. "Sasa," alisema, "unaweza kufunga meza."

Mama alikaa kwangu siku mbili, maana basi la kesho yake lilijaa waimbaji. Alioga maji ya moto, akalala mchana kutwa kwenye shuka mpya, nami nilitembea kwa vidole ndani ya nyumba yangu mwenyewe nikiogopa kumwamsha. Jioni, nikimenya viazi, alianza kuimba akiwa amekaa kitandani. Ilikuwa sauti ya pili ya ule wimbo wa pamoja, ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi kwa miezi. Sauti ya pili ikiwa peke yake ni kitu cha ajabu. Inapanda mahali usipotegemea, inasubiri kimya, inashikilia neno moja muda mrefu kana kwamba inamngojea mtu. Nilimsikiliza ubeti mzima. Kisha nikaweka kisu chini, na kwa kuwa nilikuwa nimeusikia wimbo ule kutwa nzima nikiwa mezani, nikaingia na sauti ya kwanza.

Hakugeuka kunitazama. Aliongeza sauti tu. Tuliimba beti zote, tukarudia, na mahali ambapo peke yake alikuwa akisubiri, mimi nilikuwapo.

Tulipomaliza, jirani alikuwa amesimama kwenye ua wa matete, mikono imejaa udongo.

"Mwalimu," aliita, "ni redio hiyo?"

"Hapana," nilimjibu. "Nina mgeni."